Mauzo ya Kihonda yameshuka: jinsi ya kutumia mfumo wa taarifa za masoko kufikia uamuzi mmoja

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakiulizwa mfumo wa taarifa za masoko ni nini, hutaja sehemu zake haraka: kumbukumbu za ndani, habari za soko, utafiti wa masoko. Ukiwapa tatizo, wengi huanzia mwisho. Wanachapa dodoso, wanaingia mtaani, wanarudi na majibu ambayo hayamsaidii meneja kuamua chochote. Nami nilianza hivyohivyo. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa kuhoji wateja 200, nikaandika ripoti ndefu, ikasifiwa, ikawekwa kabatini. Hakuna aliyekuwa amesema ripoti ile ingeamua nini.

Mwongozo huu unafuata tatizo moja kutoka siku linapotajwa kikaoni mpaka siku uamuzi unapofanyika. Tuchukue kiwanda kidogo cha mikate mjini Morogoro chenye njia tatu za usambazaji: Kihonda, Msamvu na Bigwa. Kinapeleka mikate madukani siku 6 kwa wiki na kuuza mkate mmoja kwa muuza duka kwa Sh 1,200. Mkate ambao haukuuzika unarudi kiwandani. Namba zote ni za kufundishia, nimezipanga ili hesabu zifuatike kwa urahisi.

Hatua ya 1: Andika uamuzi kabla ya kuandika swali

Mwezi Juni meneja anaambiwa mauzo ya wiki yametoka mikate 6,300 ya mwezi Machi mpaka 5,460. Mkurugenzi anataka bei ipunguzwe. Ofisa mauzo anataka tangazo la redio. Mkuu wa uzalishaji anasema watu hawana hela, tupunguze mikate kila njia. Kila mmoja ana dawa mkononi na hakuna aliyempima mgonjwa.

Chukua karatasi uandike sentensi moja: "Mwisho wa mwezi Julai tutaamua kubadili ____ au kuacha kama ilivyo." Chini yake orodhesha mambo ambayo kweli unaweza kuyabadili: bei, ukubwa wa mkate, idadi ya mikate kwa kila njia, saa ya kupeleka, matangazo. Jambo lisilo mikononi mwako, kama bei ya ngano, usilipe nafasi kwenye orodha hiyo. Kuanzia hapo, taarifa yoyote utakayoitafuta iweze kukusogeza kutoka chaguo moja kwenda jingine. Isipoweza, iache hata kama inavutia.

Hatua ya 2: Fungua kumbukumbu za ndani, na uzigawe

Kumbukumbu za ndani ni karatasi ambazo biashara inazizalisha yenyewe kila siku: hati za kupokelea mzigo, risiti za EFD, madaftari ya madeni, kitabu cha stoo, orodha ya oda. Zimeshalipiwa, zinahusu wateja wako halisi, na zinasema watu walifanya nini badala ya kile walichodai watafanya. Udhaifu wake ni kwamba zilitengenezwa kwa ajili ya mhasibu. Mhasibu anataka jumla ya fedha, wewe unataka kujua zimetoka wapi.

Kwa hiyo rudi kwenye hati za kila duka, usitumie jumla ya mwezi. Ingiza kwenye Eksel safu hizi: A tarehe, B njia, C duka, D mikate iliyopelekwa, E iliyorudi, F saa ya kufika, G iliyouzwa. Safu ya G ni D kutoa E. Kupata mauzo ya njia moja kwa wiki moja, tumia:

```
=SUMIFS(G:G,B:B,"Kihonda",A:A,">="&DATE(2025,6,2),A:A,"<="&DATE(2025,6,7))
```

Hapa kuna mtego ambao nimeuona mara nyingi. Mkate uliorudi Jumatano mara nyingi ulipelekwa Jumatatu au Jumanne. Karani akiuandika kwenye mstari wa Jumatano, mauzo ya Jumatano yataonekana mabaya na ya Jumatatu yataonekana mazuri kuliko yalivyokuwa. Utaijua kasoro hii ukiona duka lina mauzo hasi siku fulani. Kila kinachorudi kirudishwe kwenye siku kilipopelekwa, au kama hilo haliwezekani, soma kwa wiki nzima na usisome kwa siku.

Ukishagawa, kiwanda chetu kinaonekana hivi kwa wiki:

| Njia | Machi: ilipelekwa | ilirudi | iliuzwa | Juni: ilipelekwa | ilirudi | iliuzwa |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Kihonda | 2,400 | 120 | 2,280 | 2,200 | 680 | 1,520 |
| Msamvu | 2,300 | 140 | 2,160 | 2,250 | 130 | 2,120 |
| Bigwa | 1,950 | 90 | 1,860 | 1,850 | 30 | 1,820 |

Tazama safu za mauzo kwanza. Pengo lote ni mikate 840, na 760 kati yake ni ya Kihonda peke yake. Kama watu wangekuwa wamekosa hela au bei ingekuwa imewashinda mji mzima, Msamvu na Bigwa nazo zingeumia. Hazikuumia. Kwa jedwali hili tu, hoja ya kupunguza bei kila mahali na hoja ya tangazo la redio zimepungua nguvu sana, na hatujatumia hata shilingi moja nje ya ofisi.

Sasa tazama safu za mikate iliyorudi, kwa sababu ndizo zinazosema zaidi. Kihonda ilikuwa inarudisha mikate 5 katika kila 100, sasa inarudisha karibu 31. Mikate inafika, haipati mnunuzi. Bigwa ni kinyume chake: mikate 30 tu inarudi kati ya 1,850. Mtu wa haraka atasema Bigwa imeshuka kwa mikate 40. Lakini duka lisilorudisha kitu ni duka lililoishiwa mapema, na hati haimwandiki mteja aliyekuja mkate umekwisha. Kumbukumbu za mauzo zinapima kile ulichoweza kuuza. Mahitaji yenyewe yanaweza kuwa makubwa zaidi, na hutayaona mpaka mikate ianze kubaki rafuni. Bigwa ilipunguziwa mikate 100 kwa wiki pamoja na njia nyingine, na inawezekana kabisa kushuka kwake kumesababishwa na sisi wenyewe. Weka Bigwa pembeni, tutairudia.

Endelea kugawa Kihonda. Ina maduka 40. Yapange kwa mfuatano ambao gari linayafikia. Maduka 16 ya mwanzo yameshuka kwa mikate 70 tu kwa wiki. Maduka 24 ya mwisho wa njia yametoka 1,368 hadi 678, yaani yamepoteza 690. Safu ya F, ambayo kwa miezi yote hiyo hakuna aliyeisoma, inaonyesha kuwa mwezi Machi gari lilifika kwenye maduka hayo ya mwisho kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwezi Juni linafika saa mbili kasorobo.

Kwa nini? Kitabu cha oda kinajibu: mwezi Aprili kiwanda kilipata oda ya shule mbili za bweni zilizo kwenye njia hiyohiyo, na gari linaanzia shuleni. Mauzo ya shule yanaandikwa kwenye daftari jingine, ndiyo maana hayamo katika jedwali letu, na ndiyo maana aliyeleta oda ile alipongezwa bila mtu kuona kilichotokea nyuma yake.

Hatua ya 3: Kusanya habari za soko kwa mpangilio

Kumbukumbu zimetuambia wapi na lini. Sababu yenyewe hazijaisema. Kuchelewa kunaonekana kuwa na hatia, lakini mambo mawili yanaweza kutokea mwezi mmoja bila moja kuwa chanzo cha lingine.

Habari za soko, ambazo wengine huziita intelijensia ya soko, ni mambo ya kila siku yanayotokea nje: washindani wamefanya nini, wauza duka wanalalamika nini, bidhaa gani mpya imeingia. Wanaozijua kwanza ni madereva, wasambazaji na wauza duka. Kwa kawaida habari hizi hupotea kwa sababu hakuna mahali pa kuziandika. Tengeneza fomu fupi ya mistari minne, dereva aijaze kila Jumamosi: nimeona nini, duka gani, siku gani, nimeona mwenyewe au nimeambiwa na nani. Mstari wa nne ndio unaofanya fomu iwe na thamani.

Kwenye fomu za Kihonda yanatokea mambo mawili. La kwanza, muuza duka mmoja amemwambia dereva wetu: "Kaka, mkate wako ukija saa mbili mimi namuuzia nani? Watoto wameshakunywa chai wameenda shule." La pili, madereva wawili wameona kwa macho yao mkate wa mshindani, mdogo kuliko wetu, ukiuzwa Sh 1,000 kwa mlaji, na unafika mapema. Wetu dukani unauzwa Sh 1,500.

Ofisa mauzo anaposoma fomu hizo anasema, "Si niliwaambia? Ni bei." Hapa meneja anatakiwa kupima kila habari kwa msemaji wake. Mtu wa mauzo akiambiwa na wateja mia mambo kumi, bei ndiyo atakayoikumbuka, kwa sababu bei ikishuka kazi yake inakuwa nyepesi. Muuza duka naye hulalamikia bei kwa kila msambazaji, ni sehemu ya biashara yake. Dereva anaweza kukwepa kutaja kuchelewa kwa sababu kunamgusa. Huna haja ya kumwita yeyote mwongo. Uliza tu: huyu ameona au amesikia, na akiaminiwa atapata nini?

Halafu kuna mpaka wa adabu. Kuhesabu magari ya mshindani barabarani, kununua mkate wake na kuupima kwenye mizani, kusoma bei iliyobandikwa, yote hayo ni halali. Kumtuma kijana ajifanye anaomba kazi kwa mshindani ili alete orodha ya wateja, hapana.

Hatua ya 4: Fanya utafiti kwa lile lililobaki tu

Swali lililobaki limekuwa dogo sana ukilinganisha na "kwa nini mauzo yameshuka". Sasa ni hili: katika maduka 24 ya mwisho wa Kihonda, mkate ukirudi kufika mapema, mauzo yatarudi kiasi cha kulipia gharama ya kuufikisha? Usipunguze bei kabla ya kulijibu, kwa sababu bei ikishashuka ni vigumu sana kuipandisha tena.

Kishawishi cha kwanza ni dodoso. Ukisimama dukani na kuuliza, "Ungependa mkate wa bei nafuu?" kila mtu atasema ndiyo, na utarudi na asilimia 95 isiyo na maana. Kama lazima uulize, uliza kitendo kilichokwisha kufanyika: "Mara ya mwisho uliponunua mkate ilikuwa lini? Saa ngapi? Ulinunua upi? Huu wetu ulikuwepo rafuni wakati huo?" Mtu anakumbuka jana vizuri kuliko anavyobashiri kesho. Kumbuka pia kwamba unayemkuta dukani saa tatu siye aliyekuja saa kumi na mbili akakosa mkate akanunua maandazi. Ukitaka kumhoji huyo, nawe uwepo saa kumi na mbili. Na idadi ina mpaka wake: kwa watu 60 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, nusu inayosema jambo fulani inaweza kuwa popote kati ya asilimia 37 na 63 ya wateja wote. Watu 60 wanatosha kukuonyesha sababu ambazo hukuzifikiria. Hawatoshi kutofautisha asilimia 45 na 55.

Swali likikosewa, wingi wa watu hauliokoi. Mwaka 1985 kampuni ya Coca-Cola ilibadili ladha ya soda yake Marekani baada ya kuonjesha watu karibu 200,000, na wengi walikuwa wameipenda ladha mpya. Ila uamuzi wenyewe ulikuwa kuiondoa ladha ya zamani kabisa, na kuonja kikombe hakumuulizi mtu atajisikiaje akinyimwa soda aliyokua nayo. Siku 79 baadaye kampuni ilitangaza kuirudisha ya zamani.

Kwa tatizo letu, jaribio la mtaani linafaa kuliko maneno. Chukua maduka 24, yapange mawili mawili yanayouza karibu sawa, kisha rusha sarafu kwa kila jozi: moja linapelekewa mapema, lingine linaendelea kama kawaida. Usimwachie dereva achague, maana atachagua maduka ya rafiki zake au yaliyo kando ya lami. Maduka 12 ya mapema yatahudumiwa na guta la kukodi kwa Sh 10,000 kila asubuhi, mikate ifike kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Bei, idadi ya mikate na kila kitu kingine visiguswe. Jaribio liende wiki 3.

Kabla ya kuanza, andika kiwango cha kuamulia na mkurugenzi atie sahihi. Kiwanda kinabakiwa na Sh 250 kwa kila mkate unaouzwa baada ya gharama zake. Guta hilohilo lina uwezo wa kuhudumia maduka yote 24, kwa hiyo kulipia Sh 10,000 kwa siku tunahitaji mikate 40 ya ziada kwa siku katika maduka 24, yaani 20 katika maduka 12, yaani 120 kwa wiki.

Hapo mhasibu atapinga. Atasema mkate uliorudi tunawauzia wafugaji kwa Sh 300, kwa hiyo ukiuzwa kwa Sh 1,200 tumeokoa 900, si 250. Hoja yake ina mvuto, lakini hasara ya mikate inayorudi tunaweza kuizuia bure kwa kupeleka michache. Guta lisipewe sifa ya kitu ambacho kalamu ya mkuu wa stoo ingekifanya. Tutumie 250.

Hatua ya 5: Soma matokeo dhidi ya kiwango ulichoandika

Kabla ya jaribio kila kundi la maduka 12 lilikuwa linauza mikate 339 kwa wiki. Maduka ya mapema yakauza 396, kisha 492, kisha 504. Maduka ya kawaida yakauza 336, 342 na 345.

Tofauti ya wiki ya kwanza ni 60, nusu ya kiwango. Meneja mwenye haraka angesimamisha hapo na kusema ni bei. Lakini mama aliyekosa mkate wetu kwa miezi miwili haji siku ya kwanza ulipofika mapema, anahitaji kuuona kwanza au kuambiwa na jirani. Wiki ya pili tofauti ni 150, ya tatu 159. Zote mbili zimevuka 120. Na kwa kuwa maduka ya kawaida hayakusogea, hatuwezi kusema mauzo yamepanda kwa sababu mshahara umetoka au shule zimefunguliwa, maana mambo hayo yangeyagusa makundi yote mawili.

Sasa soma pia kile ambacho jaribio halikuleta. Mwezi Machi maduka 12 kama hayo yalikuwa yanauza 684. Tumefika 504. Kuwahi kumerudisha karibu nusu ya kilichopotea. Nusu nyingine huenda imechukuliwa na mkate mdogo wa Sh 1,000, na ofisa mauzo hakuwa amekosea kabisa. Ripoti yako iseme hivyo waziwazi. Ukiandika "tatizo lilikuwa kuchelewa, limeisha", mwezi Agosti utaulizwa kwa nini Kihonda haijarudi pale ilipokuwa.

Uamuzi wa mwisho wa Julai basi ni huu: guta linaendelea na linahudumia maduka yote 24, bei haiguswi, redio hapana. Mkate mdogo unaingia kwenye orodha kama swali jipya lenye jaribio lake, si kama kiraka cha swali la zamani. Faida ya guta ni nyembamba, hata hivyo. Likiongezewa wateja wengine wa asubuhi, au oda ya shule ikipangiwa saa nyingine, hesabu itabadilika na inatakiwa ifanywe upya.

Hatua ya 6: Rekebisha karatasi zenyewe

Kilichotuchelewesha miezi miwili hakikuwa ukosefu wa taarifa. Saa ya kufika iliandikwa kila siku. Kwa hiyo kila Jumatatu meneja awekewe ukurasa mmoja: kwa kila njia, mikate iliyopelekwa, mikate mingapi inarudi kwa kila 100, saa ya kufika duka la mwisho, na mistari miwili ya fomu za madereva. Mauzo ya shule yakae ukurasa huohuo, ili oda mpya inapoingia ionekane imesukuma nini. Inayorudi ikizidi 10 kwa 100 kwa wiki mbili mfululizo, njia hiyo inagawanywa duka kwa duka. Ukihifadhi namba za simu za wauza duka au za waliohojiwa, waeleze unazitumia kwa nini na zifungiwe, kwa sababu Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na daftari la wateja linaguswa nayo sawa na kompyuta ya benki.

Imebaki Bigwa. Pale hakuna haja ya dodoso wala sarafu. Ipelekee tena ile mikate 100 kwa wiki iliyopunguziwa, ongeza 60 kila wiki inayofuata, na mwambie dereva aulize kila duka jambo moja tu: jana mkate uliisha saa ngapi? Siku utakapoona inayorudi imefika 5 kwa 100, kama ilivyokuwa Machi pale Kihonda, simama hapo. Hiyo ndiyo idadi ya Bigwa kwa sasa.